Mabati Sita Chini ya Hakuna

Baba alikuwa na kipande cha chaki mfukoni mwa shati siku zote, isipokuwa Ijumaa alipovaa kanzu. Mashati yake yote yalikuwa na doa jeupe upande wa kushoto ambalo mama, alipokuwa hai, alilifua akalichoka. Naanza na chaki kwa sababu sijui niliweke wapi kwingine jambo hili, na nikiliweka mwishoni nitaonekana nimelificha.

Duka letu liko Kilwa Kivinje. Tunauza mabati, misumari, kofia za paa, saruji kidogo, rangi. Wateja wetu wengi ni wa hapahapa na wa vijiji vya juu, ila wale wenye kununua kwa wingi hutoka Songo Songo. Mtu wa kisiwani anakuja na shida zake nyingine, hospitali au msiba, anapita dukani, analipa mzigo wake wote, halafu anauacha. Boti ya mzigo haiendi kila siku, na ikienda haina nafasi kila siku. Kwa hiyo mabati yaliyokwisha kulipiwa hulala stoo kwetu siku kadhaa yakingoja.

Baba alikuwa na utaratibu wake tangu sijazaliwa. Mteja akilipa, baba anaandika alama kwa chaki juu ya bati la kwanza: herufi, duara, mwezi, chochote ambacho yeye na mteja wamekubaliana. Mzigo ukitoka, anaifuta ile alama kwa kiganja. Kuandika maana yake fedha imeingia na mali si yetu tena. Kufuta maana yake mali imeondoka. Ni hatua mbili za biashara moja, na sijasikia hata mara moja kwamba alizichanganya.

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaongeza miezi michache ya kompyuta Lindi mjini. Si usomi. Mengine nilijifunza kwenye simu, kwa kuangalia video za vijana wanaoandika programu ndogondogo, wenyewe wanaziita skripti. Nikaandika ya kwangu ya kuhesabu mali ya duka. Naieleza hapa kama ilivyo, kwa sababu mambo yote yalitokea ndani yake.

Ilikuwa inasoma mafaili matatu. La kwanza ni hesabu ya kuanzia, yaani tulichokikuta stoo siku ile tuliyohesabu kwa mikono. La pili ni mali iliyoingia. La tatu ni mauzo, na kila mstari wa mauzo una vitu vinne: tarehe, bidhaa, idadi, mteja. Skripti inachukua hesabu ya kuanzia, inajumlisha iliyoingia, inapita mstari mmoja mmoja wa mauzo ikitoa, mwisho inaandika salio la kila bidhaa. Salio lenyewe halihifadhiwi popote. Kila ukiiendesha, inaanza upya kuhesabu toka mwanzo. Niliona hiyo ni busara. Mpaka leo naona hivyo.

Niliweka na mtego. Niliogopa mtu asije akabonyeza mara mbili, mauzo yakaingia mara mbili. Kwa hiyo nikaiambia skripti: ukikuta mistari miwili inayofanana kwa vyote vinne, tarehe, bidhaa, idadi na mteja, simama uulize. Sikuiambia ifute, kwa maana mtu mmoja anaweza kweli kununua kitu kilekile mara mbili kwa siku moja.

Baba alijifunza kuandika kwa kidole kimoja. Alibonyeza kitufe cha herufi kubwa siku ya kwanza na hakukiachia tena, kwa hiyo mistari yake yote ilikuwa ya herufi kubwa. Alikuwa na bidii. Nasema hivi ili isidhaniwe alikuwa mzee mkaidi aliyeichukia mashine. Aliitaka kwa sababu mimi niliitaka. Siku moja aliniuliza, "Na kufuta je? Kufuta naandika wapi?"

Nilikuwa nahudumia mteja. Nikamjibu, "Kila kinachotoka, baba, andika."

Hilo ndilo jibu nililompa. Siwezi kulitengeneza sasa likawa jingine.

Lazima niseme kuhusu chacha, ndivyo lugha ya nyumbani inavyomwita mdogo wake baba, mwenye duka Lindi; naye humwita baba bhai, yaani kaka. Nusu ya mtaji wa duka letu ni wake. Miaka ya karibuni duka lake lilipigwa kwa hesabu mbovu, mali ikiisha na vitabu vikisema ipo, naye akawa mtu wa kuogopa kila stoo. Sikatai alikuwa na sababu. Alimlipia baba matibabu ya macho, hakuwahi kulitaja. Lakini alikuwa amekwisha kusema, mbele yangu na mbele ya baba, kwamba atakuja Ijumaa, aione hesabu, na kama haijakaa sawa basi baba apumzike, duka nilishike mimi, na kijana mwingine wa kwake aje tusaidiane. Alisema kwa upole. Baba alicheka, akasema kupumzika atapumzika akifa. Hakuwa na kitu kingine cha kufanya duniani zaidi ya kukaa kwenye kile kiti nyuma ya kaunta, na sote tulilijua hilo, chacha pia.

Jumatatu ya wiki ile alikuja mwalimu mmoja wa Songo Songo anayeezeka nyumba ya mama yake. Alilipa mabati ishirini na mawili, misumari kilo kumi, kofia sita. Baba alikwenda stoo akachora mwezi. Mimi nikaingia kwenye kompyuta nikaandika mistari mitatu, mteja nikamwita "Songo Songo". Alhamisi boti ikapata nafasi. Mimi nilikuwa Masoko kufuata rangi. Baba alifuta mwezi, mpakiaji wetu na wenzake wakabeba mzigo mpaka pwani, na baba, kama nilivyomwambia, akakaa mbele ya mashine akaandika kila kilichotoka.

Ijumaa baada ya swala chacha akafika. Nilimwamkia, akaitika, tukamtolea chai. Baba alikuwa na kanzu yake nyeupe, amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kupigwa picha. Mpakiaji alikuwa mlangoni anafunga kamba, mtu wa Kimatumbi mwenye maneno, aliyetuita sote matajiri hata siku tusizokuwa na chenji.

Chacha akasema tuone. Nikaendesha skripti. Majina yakateremka kwenye kioo, na idadi mbele yake. Saruji sawa, rangi sawa. Kwenye mabati pakaandikwa alama ya kutoa na sita.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikaiendesha tena. Ikasema hivyohivyo.

"Hasi sita," chacha akasoma. Hakupaza sauti. "Bhai, umeuza mabati sita usiyokuwa nayo?"

Baba aliinuka akaja kuangalia kwa karibu, akiinamisha kichwa kama anavyofanya tangu jicho moja lilipougua. Kilichoniuma, na kinachoniuma mpaka sasa, ni kwamba hakubisha. Stoo ile ameijua miaka yote kwa kuipapasa tu. Lakini aliposoma kile kioo alisema taratibu, "Labda nimekosea mahali."

Chacha akageuza macho kwa mpakiaji. Sote tulielewa, mpakiaji kuliko sisi.

"Tajiri," mpakiaji akasema bila kuacha kamba yake, "mimi nikiiba, huwa nachukua yaliyopo. Haya ambayo hayapo nitayabebaje?"

Chacha alikaribia kucheka, nikaona. Mimi nikaingilia, kwa sababu mwenzetu alikuwa amesema kweli kwa mzaha na nilitaka isemwe wazi. Nikaeleza kwamba wizi unaonekana kinyume chake. Mtu akiiba, skripti haijui. Itasema mali ipo, na stoo itakuwa pungufu. Hapa skripti ndiyo pungufu. Imetoa kuliko tulivyowahi kuwa navyo, maana yake ama kuna mali iliingia hatukuiandika, ama kuna mauzo yameandikwa zaidi ya yalivyokuwa. Bati haliwezi kuwa chini ya hakuna. Skripti haijui hilo. Yenyewe inatoa tu.

Tukaenda stoo, wote wanne. Tukahesabu, chacha akahesabu tena peke yake. Yalikuwa kumi na sita.

Nilisimama pale nikihesabu kichwani. Toka hasi sita mpaka kumi na sita ni ishirini na mbili. Nikakumbuka mwalimu. Sikutaka kukumbuka mapema vile, nikiwa bado na watu.

Nikawaambia kuna mauzo ya mabati ishirini na mawili yameandikwa mara mbili. Nikaeleza na hesabu yake, kwa kuwa chacha ni mtu wa hesabu na haki yake aipate: tulianza na thelathini, tukapokea arobaini, ikawa sabini. Wateja wengine walichukua thelathini na mawili, yakabaki thelathini na manane. Mwalimu akachukua ishirini na mawili, yakabaki kumi na sita, ndiyo hayo. Mtoe mwalimu mara ya pili, unapata hasi sita.

Chacha akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Akauliza kwa nini basi misumari haikuonyesha hasi, na huyo mwalimu alinunua misumari. Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile. Nikamjibu kwamba misumari nayo imekosewa, ila ilikuwa mingi. Skripti inasema kilo themanini na tano, tukipima tutakuta tisini na tano. Kofia inasema tatu, zipo tisa. Tukapima, tukahesabu, ikawa hivyo. Mabati yalijifichua tu kwa sababu yalikuwa machache. Yale mengine yangekaa kimya na uongo wake, hakuna ambaye angeuliza.

Tukarudi kaunta. Chacha akasema basi, andika kumi na sita hapo tumalize. Nikamweleza haiandikwi pale. Salio linahesabiwa upya kila mara, nikilipaka kumi na sita leo, kesho nikiendesha hasi sita inarudi. Ningeweza kuiambia skripti kwamba ikifika chini ya sifuri iandike sifuri. Vijana wengine hufanya hivyo. Lakini sifuri nayo ingekuwa uongo, maana mabati yapo kumi na sita, na ile alama ya kutoa ndiyo iliyokuwa imetushtua. Dawa ni kwenye mauzo yenyewe.

"Fungua tuyaone," akasema.

Nilijua atakachokiona. Niliwaza kusema faili ni refu, tulitazame baadaye. Sikusema. Sijui kama ni uaminifu au ni uzito wa akili tu.

Mistari ilikuwa pale. Jumatatu, mabati, 22, Songo Songo. Chini kidogo, Alhamisi, MABATI, 22, MWALIMU WA KISIWANI. Mtego wangu ulikuwa umeipita yote miwili bila kusimama. Tarehe si moja, jina la mteja si moja, hata herufi si moja. Kwa skripti hayo yalikuwa mauzo mawili ya watu wawili.

Chacha akaweka kidole kwenye ile mistari ya herufi kubwa. Aliuliza ni ya nani. Faili halina mahali pa kuandika nani ameandika, na kwa muda mfupi nikashukuru kwa hilo.

"Ya chini yangu," baba akasema. "Mzigo ulitoka nikaandika."

"Ulikuwa umekwisha kuandikwa, bhai."

"Ule ulikuwa wa kulipa."

Chacha alimtazama kama unavyomtazama mtu anayeuliza leo siku gani. Nami nikaona jinsi maneno ya baba, yaliyokuwa sahihi kabisa, yanavyosikika kwa mtu asiyejua chaki. Nikasema, na ninajua nilisema kwa sauti ya kusikika, kwamba kosa si la baba. Duka letu lina hatua mbili, kulipa na kutoka. Skripti yangu ina hatua moja. Baba aliniuliza kufuta aandike wapi, mimi nikamwambia kila kinachotoka andika, naye akaandika kinachotoka. Mimi nikaandika kinacholipwa. Kila mmoja aliandika kweli, ni programu iliyodhani kila mstari ni bati linalotoka mlangoni.

Chacha alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo nampa. Kisha akasema, "Wewe ukikosea utajifunza. Bhai atajifunza lini?"

Baba akarudi kwenye kiti chake, akakaa.

Nikaitengeneza hesabu wakinitazama. Sikufuta mistari ya baba, kwa sababu ukifuta, baadaye hujui lilitokea nini. Niliongeza mistari mitatu ya kurudisha, yenye idadi za hasi: hasi ishirini na mbili za mabati, hasi kumi za misumari, hasi sita za kofia, na mbele yake nikaandika inarudisha mistari ipi. Skripti ikitoa hasi, ni kuongeza. Nikaiendesha. Mabati kumi na sita, misumari tisini na tano, kofia tisa. Hesabu ikakaa sawa na stoo, kitu kwa kitu.

Kwa hiyo sharti la chacha lilikuwa limetimia. Hesabu ilikuwa sawa. Nilimwambia hivyo. Akasema ni kweli, hesabu iko sawa, amefurahi, nimemthibitishia kwamba duka naliweza. Ndiyo maana, akasema, haoni kwa nini tuendelee kumsumbua bhai na mashine.

Nimeligeuza neno hilo mara nyingi nikitafuta ubaya ndani yake nimshike nao, sijaupata. Aliona mzee mwenye jicho bovu aliyeandika biashara moja mara mbili asijue. Mistari ilikuwa pale, kwa herufi kubwa. Nilimwonyesha mwenyewe, nikampangia na hesabu ili aelewe vizuri. Kama ningeeleza vibaya kidogo, labda angeondoka na wasiwasi, na wasiwasi ungetupa miezi. Nilieleza vizuri.

Kabla ya kuondoka alimkumbatia baba. Walizungumza kidogo lugha ya nyumbani, baba akaitikia kila neno. Jumamosi asubuhi baba hakushuka dukani.

Wiki iliyofuata niliibadilisha skripti. Kila biashara niliipa namba ya risiti, na namba ikijirudia kwa bidhaa ileile skripti inagoma, hata kama tarehe na jina vimebadilika. Kisha nikaongeza safu ya hali, yenye maneno mawili tu, "amelipa" na "umetoka". Mteja akilipa, skripti inapunguza kilicho chetu. Mzigo ukitoka, hupunguzi tena. Unabadilisha tu lile neno kwenye mstari uleule, na skripti inakuonyesha pembeni mali ya watu ambayo bado iko stoo. Kuandika na kufuta. Ilinichukua siku mbili, na nilipomaliza nilijua nimetengeneza chaki ya baba, kwa shida zaidi.

Nilipanda nyumbani nikamwonyesha. Nikamwambia, baba, sasa kufuta kuna mahali. Aliangalia kwa adabu, akasema imekaa vizuri, akaniuliza kijana wa chacha anafika lini. Sikumwomba ashuke. Nilijiambia ni kwa ajili ya neno la chacha. Inawezekana pia nilikuwa nimeanza kukizoea kile kiti. Sina hakika, ndiyo maana naandika yote mawili.

Kijana wa chacha si mbaya. Anaandika haraka. Wateja wa kisiwani bado wanauliza mzee yuko wapi, na mpakiaji huwajibu kwamba amepandishwa cheo, siku hizi anahesabu wajukuu wasiokuwapo. Wanacheka. Alama hawachorewi tena, wanapewa karatasi yenye namba. Mmoja aliniambia karatasi imelowa kwenye boti, namba haisomeki. Nikamwambia haidhuru, mimi ninayo.

Mwezi uliopita baba alikuja dukani. Alivaa shati lisilo na doa. Hakupita nyuma ya kaunta. Alisimama upande wa wateja, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa ananunua rangi, akangoja zamu yake. Nilimwambia apite ndani, akasema hapana, ana haraka. Alitaka misumari nusu kilo, mlango wa uani umelegea.

Nikapima. Alitoa pesa, nikakataa, akaziacha juu ya kaunta. Kijana wa chacha alikuwa amekwisha kufungua kompyuta.

Baba akaichukua karatasi ya misumari, akaikunja mdomo. "Mniandikie," akasema. "Mara moja inatosha."

Akatoka. Nilimwona akisimama kidogo mlangoni mwa stoo, kiganja juu ya mabati ya mtu, halafu akaenda zake.